Pole na safari: mzigo wa dagaa kutoka Kirumba hadi Lubumbashi

Mnunuzi anayeingia Mwaloni Kirumba jijini Mwanza kwa mara ya kwanza hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Kabla hajafika kwenye mabanda, madalali wamekwisha kumzunguka, kila mmoja akimvuta upande wake, huyu akimwonyesha gunia lililofunguliwa mdomo, yule akimtajia bei ambayo hajaiuliza. Makuli wanapita wakiwa na magunia mabegani na kupiga kelele wapishwe. Hapa dagaa wa Ziwa Victoria hushushwa kutoka visiwani, hupimwa, hupangwa na kupakiwa kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam, Rwanda, Burundi, Zambia na Kongo. Kwa uzito, hakuna samaki anayevuliwa kwa wingi katika ziwa hilo kuliko dagaa, na sehemu kubwa ya biashara yake haina mkataba ulioandikwa. Watu hununua kwa macho, kwa mkono na kwa neno la mtu.

Kisa kinachofuata ni cha kubuni, na wahusika wake wawili hawana majina. Bei zilizomo ni za mfano. Lakini soko lipo, njia ipo, samaki ndivyo walivyo, na mambo yaliyowakuta hawa wawili ndiyo yanayowakuta watu wa biashara hii.

Muuzaji ni mama wa makamo, mwenyeji wa Mwanza, ana banda dogo lenye mizani moja na nafasi ya magunia kama sitini. Mnunuzi ni mama mdogo kwake kwa umri, kutoka Lubumbashi. Amesafiri kwa basi siku kadhaa, akavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, kisha Nakonde na Tunduma kuingia Tanzania, halafu akapanda kaskazini hadi ziwani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Amekuja mwenyewe kwa sababu mzigo wa mwisho aliotumiwa na dalali ulimtia hasara.

Aliposogea bandani, yule mama hakutaja bei.

“Jambo mama. Karibu, karibu sana. Pole na safari.”

“Aksanti mama. Natoka mbali, natoka Lubumbashi.”

“Lubumbashi! Basi pole mara mbili. Kaa kwanza upumzike, dagaa hawakimbii.” Akamsogezea kigoda, akamtuma kijana alete maji ya kunywa. Kisha akaendelea na maswali yale yale ambayo kila mtu wa pwani au bara humwuliza mgeni: huko nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, njiani mvua imenyesha, mpakani mmekaa sana? Na mwishoni, kwa sauti ile ile, “Na mzigo uliopita, ulifika salama?”

Hapo mgeni akafunguka. Haukufika salama. Lori lilikaa siku tano kwenye foleni ya Kasumbalesa, na walipolifungua Lubumbashi magunia ya katikati yalikuwa ya moto kama yametoka jikoni. Dagaa walikuwa na ukungu mweupe, wengine wamekuwa uji. Yale ya pembeni yalikuwa mazima, lakini wateja wake walipoloweka dagaa nyumbani, mchanga ulibaki chini ya sufuria na malalamiko yakamrudia yeye.

Dalali aliyeanza na bei asingeyasikia hayo. Angejua tu kwamba mteja anataka magunia mangapi na ana fedha kiasi gani. Yule mama, kwa kumpa mgeni heshima yake kwanza, alijua kabla ya kufungua gunia hata moja kwamba mzigo wa mtu huyu utakaa njiani muda mrefu, utapita kwenye baridi na kwenye joto, na utauzwa kwa watu ambao mchanga unawaudhi kuliko bei. Huo ni ujuzi wa biashara, na aliupata kwa dakika kumi za salamu.

Alichofanya baadaye ndicho kilichoifanya salamu iwe na thamani. Alichukua gunia lililokuwa nyuma ya banda, si lile lililowekwa mbele kwa ajili ya macho ya wateja, akalimimina lote juu ya turubai. Mtu mwenye nia mbaya hupanga dagaa wazuri mdomoni na chini ya gunia, kisha akaficha katikati waliolowa au waliovunjika. Gunia likimiminwa lote hakuna pa kuficha. Mgeni akainama, akachota kutoka katikati.

Dagaa aliyekauka vizuri akiwa angali mpya hung’aa kama fedha. Ukimkunja huvunjika kwa mlio, hapindi. Aliyenyeshewa mvua kabla hajakauka hufifia na kuwa wa manjano au kahawia, tumbo limepasuka, kichwa kimetoka, na ukimnusa kuna harufu ya uchachu. Huyo hupewa bei ya chakula cha kuku, na sehemu kubwa ya dagaa wa ziwani huishia huko hasa miezi ya mvua.

Kwa mchanga kuna kipimo cha beseni. Yule mama alipima kilo moja, akaimimina kwenye maji, akaikoroga kwa mkono na kuwatoa dagaa kwa chujio. Kilichobaki chini alikikausha kwenye sahani na kukirudisha kwenye mizani ndogo ya jirani yake anayeuza viungo. Katika gunia la kwanza zilibaki gramu 50. Inaonekana ni kidogo, lakini alimfanyia mgeni hesabu papo hapo. Gramu 50 kwa kilo ni kilo 3 kwa gunia la kilo 60. Ukinunua magunia 40 umenunua kilo 120 za mchanga, yaani magunia mawili kamili, na umeyalipia nauli ya lori hadi Kongo.

“Hawa walianikwa chini, ufukweni,” akasema. “Wako na hawa wengine, wa kichanja. Bei yao imepanda kidogo. Pima na hawa.”

Kichanja ni meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu, imeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha kiuno. Dagaa wakitandazwa juu yake kwa utandu mwembamba, upepo hupita chini na juu, na kwa jua kali siku moja hutosha. Mchanga hauwafikii, mbuzi na kuku hawawakanyagi, na mvua ikitishia ni rahisi kuwafunika. Waliopimwa kwenye beseni kutoka kwenye gunia la kichanja waliacha vumbi tu.

Mgeni hakununua magunia 40 siku ile, na yule mama hakumshawishi. Alinunua 10 ya kichanja, kwa fedha taslimu alizobadilisha mjini kutoka dola kwenda shilingi. Kabla ya kushona midomo ya magunia, muuzaji alifanya jambo moja dogo ambalo lilikuja kuokoa uhusiano wao. Alichota dagaa kidogo kutoka kila gunia, akawachanganya, akagawa mafungu mawili ya kilo moja moja na kuyatia kwenye vifuko vya kitambaa. Kimoja akampa mgeni, kingine akakitundika bandani. Kila kimoja kiliandikwa tarehe na idadi ya magunia. Alisema ni ili wakipigiana simu, wote wawili wawe wanazungumzia dagaa wale wale.

Mzigo ule mdogo ulifika mzima na uliuzwa. Wiki chache baadaye simu ikaita kutoka Lubumbashi. Salamu zilikuwa ndefu kama za mara ya kwanza, na mwisho wake lilikuwa ombi la magunia 40. Mnunuzi hangekuja. Angetuma nusu ya fedha, na nusu nyingine angeituma akishaona video ya magunia yakipimwa na kupakiwa.

Hapa ndipo ushirikiano mwingi wa namna hii unapovunjikia.

Magunia 40 ya kilo 60 ni kilo 2,400. Video ya wasapu ilionyesha kila gunia likipanda mizani. Lori liliondoka, likapita Singida, Dodoma, Iringa, Mbeya na Tunduma, likavuka Zambia na kufika. Lubumbashi mzigo ukapimwa tena: kilo 2,310. Kilo 90 hazikuwepo. Kwa bei ya shilingi 6,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 540,000.

Mnunuzi alikuwa na kila sababu ya kufikiri kwamba ameibiwa. Labda mizani ya Mwanza imechezewa, labda dereva amepunguza njiani, labda video ilipigwa vizuri kuliko upimaji wenyewe. Muuzaji naye angeweza kuudhika na kukata simu. Badala yake aliuliza maswali mawili. Nyuzi za midomo ya magunia zilikuwa zile zile za buluu alizoshonea? Ndiyo, hazikuguswa. Na kile kifuko cha sampuli kilichokuja na mzigo huu, bado unacho? Ndiyo, kipo.

Akashusha chake kilichokuwa kimetundikwa bandani tangu siku ya kupakia, akakipeleka kwa jirani wa viungo. Kilipotundikwa kilikuwa na gramu 1,000. Sasa kilikuwa na gramu 965. Lubumbashi wakapima cha kwao, kikakaribia hapo hapo. Hakuna mtu aliyeiba dagaa kutoka kwenye vifuko viwili vilivyo nchi mbili tofauti. Kilichopungua ni maji.

Dagaa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana huchukua kilo tatu hadi nne za wabichi kupata kilo moja ya wakavu. Hata wanapoonekana wamekauka, hubaki na unyevu ndani, na unyevu huo huendelea kutoka polepole gunia likikaa. Gramu 35 zikitoka kwa kila kilo, katika kilo 2,400 hutoka kilo 84. Katika zile kilo 90 zilizogombewa zilibaki 6 tu bila maelezo, yaani gramu 150 kwa gunia, ambayo ni tofauti ya kawaida kati ya mizani moja na nyingine.

Jambo hilo lilimfundisha muuzaji pia. Kama dagaa wake walipoteza unyevu mwingi hivyo, basi aliwapakia wakiwa hawajakauka sawasawa. Safari hii walisalimika kwa sababu foleni ya mpakani ilikuwa fupi. Lori likipita nyanda za Iringa na Mbeya usiku, baridi huugandamiza mvuke chini ya turubai na kuurudisha kama matone juu ya magunia ya juu. Mchana jua huyapasha. Yakisimama hivyo siku tano Kasumbalesa, ukungu ni jambo la kutarajia. Ule mzigo wa dalali ulioharibika mwanzoni ulikuwa na ugonjwa huu huu, ila ulikuwa umezidi.

Wakagawana ile hasara nusu kwa nusu. Muuzaji akaahidi kilo 45 katika mzigo unaofuata, na akazileta. Kisha, kwa simu, wakatengeneza kanuni zao. Mzigo utakaa bandani usiku mbili juu ya chaga za mbao, magunia yakiwa yameachiana nafasi. Asubuhi ya pili muuzaji atapenyeza mkono katikati ya magunia kadhaa. Pakiwa na joto, yanafunguliwa na dagaa wanaanikwa upya. Upungufu usiozidi kilo 2 kwa kila kilo 100 ni wa mnunuzi, kwa kuwa hakuna dagaa asiyepungua safarini. Unaozidi hapo, kama nyuzi hazikuguswa, ni wa muuzaji. Nyuzi zikiwa zimeguswa, deni ni la mwenye lori. Wote wawili waliyaandika hayo, mmoja kwenye daftari la kurasa 96 na mwingine kwenye simu, na kila mmoja akamsomea mwenzake alichoandika.

Mtu anaweza kushangaa kwamba hawakwenda kwa wakili. Lakini mkataba wa Mwanza ukivunjwa Lubumbashi, gharama ya kuudai mahakamani, ukiwa na nchi ya tatu katikati, ingemeza faida ya mizigo mingi. Kwa wafanyabiashara wa kiasi hiki, kinachoshikilia makubaliano ni kipimo ambacho kila upande unaweza kukirudia peke yake ukapata jibu lile lile. Kifuko cha kitambaa kilikuwa na nguvu kuliko muhuri.

Suala la bei lilichukua muda zaidi. Mwanzoni muuzaji alifanya kama wafanyavyo wengi: alinunua kwa bei yake, akaongeza ya kwake juu, na mnunuzi hakuambiwa ni ngapi. Katika magunia 10 ya kwanza aliongeza shilingi 600 kwa kilo, akapata shilingi 360,000 kabla ya kutoa gharama. Mnunuzi, kwa kuwa hakujua, alipiga simu kwa watu wengine watatu sokoni kila mara alipotaka mzigo, ili alinganishe. Ilikuwa haki yake. Lakini kila kulinganisha kulileta mvutano, na mara moja alinunua kwa mwingine aliyekuwa nafuu kwa shilingi 150, akapata mchanga.

Wakabadilisha utaratibu. Siku ya kununua, muuzaji anamtumia mwenzake picha ya karatasi ya ununuzi: bei ya kilo, ushuru wa soko, gharama ya magunia matupu, ujira wa makuli na wa akina mama wanaochambua. Juu ya hapo anachukua kamisheni ya shilingi 300 kwa kilo, basi. Kwa mzigo wa kilo 2,400 hizo ni shilingi 720,000. Amekubali nusu ya kile alichokuwa akiongeza kwa kila kilo, lakini mzigo ni mkubwa mara nne na unajirudia, na hakuna tena siku zinazopotea kwenye kubishana. Mnunuzi naye amepata kitu ambacho kwa dalali hakipo: bei ikipanda Mwaloni anaona kwamba imepanda kwa wote, na hamshuku mtu wake.

Na bei hupanda na kushuka kwa sababu iliyo juu angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Taa huwavuta dagaa kuja juu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa haina la kufanya, hivyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Giza linaporudi, mitumbwi huingia na mzigo hujaa. Muuzaji alimfundisha mwenzake kuagiza kwa kuhesabu mwezi: fedha ya awali ifike siku za mbalamwezi, ili giza likianza yeye awe tayari amekwisha kuongea na waanikaji. Akisubiri hadi mzigo ushuke sokoni, atakuta walioanikwa kwenye vichanja wamekwisha kuchukuliwa na wenye fedha mkononi.

Waanikaji hao wako visiwani, na katika kisa hiki wako Ukerewe. Ni akina mama wanaonunua dagaa wabichi alfajiri kwa ndoo kutoka kwa wavuvi na kuwakausha. Wengi wao huanika chini kwa sababu kichanja kinahitaji miti, wavu na fundi, na miti hailiwi na mchwa bure. Muuzaji alitumia sehemu ya fedha ya awali, kwa idhini ya mnunuzi, kuwakopesha waanikaji wanne gharama za vichanja. Walilipa kwa dagaa, kilo chache katika kila mzigo, hadi deni likaisha. Hapo ndipo wanunuzi wawili wakubwa walipojaribu kuwachukua waanikaji wale wale kwa bei ya juu kidogo. Wawili walikwenda. Wawili walibaki, kwa kuwa yule mama alikuwa akilipa siku ile ile na hakuwa na tabia ya kukata kilo kwa kisingizio cha unyevu baada ya mzigo kufika.

Makaratasi yasipokuwa sawa, yote hayo hukwama Tunduma. Samaki wanaotoka nje ya nchi wanahitaji leseni ya kusafirisha, cheti cha afya kutoka kwa maofisa wa uvuvi na mrabaha uliolipwa, kisha wakala wa forodha mpakani. Kwa mzigo wa magunia 40 yule mama hakuona faida ya kushughulikia yote peke yake, hivyo aliungana na msafirishaji mwenye leseni anayejaza lori zima kwa wateja kadhaa. Hilo lina hatari yake. Mzigo wa mtu mwingine ndani ya lori lile ukiwa na karatasi pungufu, lori zima husimama, na magunia yako husimama nalo. Mara moja walisimama siku tatu kwa kosa lisilo lao. Tangu hapo muuzaji huomba kuona karatasi za wenzake wote kabla ya kupakia, na kuna msafirishaji mmoja aliyekataa, naye wakamwacha.

Kuhusu forodha kuna jambo la kuangalia. Kongo ilitia saini ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2022, na watu wengi sokoni walidhani kwamba tangu siku hiyo dagaa wangepita bure. Haikuwa hivyo kwa njia hii, kwa kuwa barabara ya Lubumbashi inapita Zambia, ambayo haimo katika Jumuiya, na kuingiza sheria mpya katika kazi ya kila siku ya mpakani huchukua muda. Mfanyabiashara anayepiga hesabu ya mzigo wake kwa msamaha ambao hajauona kwenye risiti anajitafutia hasara. Hawa wawili hupiga hesabu kwa risiti ya mzigo uliopita.

Mtihani mkubwa ulikuja masika, kati ya Machi na Mei, mvua ilipoendelea kwa siku nyingi mfululizo. Mnunuzi alikuwa na wateja wanaosubiri na alikuwa amekwisha kutuma nusu ya fedha. Bei Lubumbashi ilikuwa juu, na sokoni Kirumba dagaa walikuwepo, ila walikuwa wale waliokaushwa kwa kubahatisha kati ya mvua na mvua. Muuzaji alikata gunia moja, akamimina, akavunja dagaa kumi mbele ya kamera ya simu. Saba walipinda.

“Mdogo wangu, sikutumii hawa,” akasema. “Fedha yako ninayo. Nikurudishie, au nikae nayo tungoje jua?”

Mnunuzi alikasirika. Alisema wapo watu Mwaloni watakaompa mzigo leo leo, na ni kweli walikuwepo. Akaomba fedha yake. Siku iliyofuata aliipata yote, bila kukatwa gharama ya kutuma. Akanunua kwa mwingine magunia 20. Yaliyomfika hayahitaji kusimuliwa kwa urefu: nusu aliyauza kwa bei ya chakula cha kuku, na miezi miwili hakuwapigia simu watu wa Mwanza.

Alipopiga, hakuanza na dagaa. Aliuliza afya, akauliza mvua imekwisha, akauliza kama yule kijana aliyemletea maji amekwisha kuoa. Yule mama akajibu moja moja. Walipofika kwenye mzigo, wakakubaliana kitu ambacho hawakuwa nacho mwanzo: kuanzia Februari, kabla ya masika, watanunua zaidi na kuweka akiba ya magunia 30 Lubumbashi, kwenye ghala kavu, juu ya chaga, yakikaguliwa kila wiki kwa ajili ya wadudu wanaotoboa samaki wakavu. Gharama ya ghala ni ya mnunuzi. Hasara ya wadudu, kama ipo, watagawana kwa miezi miwili ya kwanza tu, kwa sababu baada ya hapo muuzaji hana namna ya kujua ghala linatunzwaje.

Bado kuna mambo ambayo makubaliano yao hayajayafikia. Fedha ya awali haina dhamana yoyote zaidi ya wao wenyewe, na yule mama akiugua ghafla hakuna mwingine anayejua nani anadaiwa nini visiwani. Thamani ya faranga ya Kongo ikianguka, mnunuzi huuza kwa faranga na kulipa madeni yake kwa dola, na kamisheni ya shilingi 300 haimsaidii. Kwa lile la kwanza wameanza kuchukua hatua. Binti wa muuzaji, anayesoma uhasibu, amekabidhiwa daftari la pili, na kila mwisho wa mwezi humpigia mama wa Lubumbashi simu ili wasomeane hesabu, mzigo kwa mzigo, hadi tarakimu za pande mbili zilingane.